Namba Tatu na Pembetatu: Jinsi ya Kujua Aina ya Udongo wa Shamba Lako

Ripoti ya maabara ya udongo huwa na mstari mmoja ambao wakulima wengi huuruka. Mstari huo unaweza kusomeka hivi: mchanga asilimia 62, silti asilimia 12, mfinyanzi asilimia 26. Mbele yake huwekwa jina la aina ya udongo, na mara nyingi jina lenyewe ni herufi tu, kama SCL. Msomaji hutupa macho hapo, kisha hukimbilia kwenye mbolea na chokaa. Lakini jina lile halikutoka kichwani mwa fundi wa maabara. Limetoka kwenye mchoro mmoja wa pembetatu unaoenea kwenye ukurasa mmoja, na mtu yeyote mwenye rula anaweza kuutumia na kuhakiki alichoandikiwa.

Kwanza tujue namba zile zinahesabu nini. Udongo ukifika maabara hukaushwa, mabonge huvunjwa, kisha huchekechwa kwa chekecheke yenye matundu ya milimita 2. Mawe na changarawe zinazobaki juu hazihesabiwi humu. Zilizopita chini hugawanywa kwa ukubwa peke yake. Chembe za kati ya milimita 2 na 0.05 ni mchanga, na hizo jicho linaziona na vidole vinazihisi zikikwaruza. Chembe za kati ya milimita 0.05 na 0.002 ni silti. Huzioni moja moja, na zikikauka huteleza kati ya vidole kama unga wa ngano. Chini ya milimita 0.002 ni mfinyanzi, unaonata ukilowa na kuwa mgumu ukikauka. Makundi haya matatu yakijumlishwa lazima yafike 100. Mboji, chumvi na maji havimo kwenye hesabu hii. Uwiano wa makundi hayo ndio unaoitwa unamu wa udongo.

Sasa chora pembetatu yenye pande tatu zilizo sawa. Kilele cha juu ni mfinyanzi mtupu, asilimia 100. Pembe ya chini kushoto ni mchanga mtupu, na pembe ya chini kulia ni silti tupu. Upande wa kushoto umeandikwa asilimia za mfinyanzi, kuanzia 0 chini hadi 100 kileleni. Upande wa kulia umeandikwa silti, kuanzia 0 kileleni hadi 100 chini. Kitako kimeandikwa mchanga, nacho huhesabiwa kutoka kulia kwenda kushoto, yaani 0 iko kulia na 100 iko kushoto. Ndani yake mistari minene imekata maeneo 12, kila eneo na jina lake. Mchoro unaotumika sana duniani ni ule wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, na ndio ninaoufuata hapa.

Kazi yote iko kwenye mwelekeo wa mistari, na sheria yake ni moja: mstari wa kitu fulani huenda sambamba na upande unaokabiliana na pembe ya kitu hicho. Pembe ya mfinyanzi iko juu na inakabiliana na kitako, kwa hiyo mstari wa mfinyanzi hulala mlalo, sambamba na kitako. Pembe ya mchanga iko chini kushoto na inakabiliana na upande wa kulia, kwa hiyo mstari wa mchanga huanzia kwenye kitako ukapanda kuelekea kushoto. Pembe ya silti iko chini kulia, na mstari wake huanzia upande wa kulia ukashuka kuelekea kushoto.

Chukua zile namba za mwanzo. Tafuta 26 kwenye upande wa kushoto, weka rula hapo, chora mstari mlalo hadi upande wa pili. Nenda kwenye kitako, tafuta 62 ya mchanga, kisha chora mstari unaopanda kwa kuinamia kushoto, sambamba na upande wa kulia wa pembetatu. Mistari hii miwili inakutana mahali pamoja tu, nawe umeshapata nukta yako. Haihitaji namba ya tatu, kwa sababu mchanga na mfinyanzi vikijulikana silti ni salio. Ila usiiache namba hiyo ya tatu, maana ndiyo shahidi wako. Tafuta 12 ya silti upande wa kulia, karibu na kilele, shusha mstari kuelekea kushoto. Ukipita juu ya nukta ileile, umesoma sawasawa. Nukta hii imeangukia kwenye eneo la udongo tifutifu wa mfinyanzi na mchanga, eneo ambalo mfinyanzi ni kati ya asilimia 20 na 35, silti iko chini ya 28, na mchanga umezidi 45. Hiyo ndiyo SCL ya kwenye ripoti.

Kosa linalotokea mara nyingi kuliko yote ni kupandisha mstari wa mchanga upande usio wake. Mtu anaanza vizuri kwenye 62 ya kitako, halafu anainamia kulia badala ya kushoto. Katika mfano wetu mstari huo utakutana na ule wa mfinyanzi ndani ya eneo la tifutifu, udongo ambao kila mkulima anautamani, na hapo msomaji anafurahi na kufunga daftari. Angemwita yule shahidi wa tatu angegundua mara moja: nukta aliyoipata ina silti asilimia 38 na mchanga asilimia 36, wala si 12 na 62. Ndiyo maana nasisitiza mstari wa tatu hata pale unapoonekana kazi ya ziada.

Udongo wenye namba kama hizo unaweza kukutana nao katikati ya mteremko wowote wa Usukuma, na nimeuchagua kwa makusudi. Ni katika nchi za Afrika Mashariki ambako mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, miaka ya 1930, alieleza kwamba udongo hubadilika kwa mpangilio ule ule kila unaposhuka kutoka kilimani hadi bondeni. Mpangilio huo aliuita katena, na neno lake linatumika hadi leo duniani kote. Wasukuma walikuwa na majina ya ngazi hizo tangu zamani: luseni ni udongo mwepesi wa kichanga karibu na matale ya juu, itogolo ni ule unaokaza chini kabla ya kufika bondeni, na mbuga ni udongo mweusi mzito wa chini kabisa.

Tuupime mteremko wa namna hiyo kwenye pembetatu. Tuseme sampuli ya juu, ya luseni, imetoa mchanga 84, silti 8 na mfinyanzi 8. Nukta yake inaangukia kwenye pembe ya chini kushoto, na hapo kuna jambo la kuangalia. Mipaka ya pembe hiyo imelala mshazari, haifuati mistari ya asilimia, hivyo jicho hukosea kwa urahisi. Njia ya uhakika ni hesabu fupi. Chukua silti, ongeza mfinyanzi mara moja na nusu: 8 na 12 ni 20. Kama jibu lingekuwa chini ya 15, huu ungekuwa mchanga mtupu. Haukuwa. Sasa chukua silti, ongeza mfinyanzi mara mbili: 8 na 16 ni 24. Jibu likiwa chini ya 30, udongo unaitwa mchanga wa tifutifu. Likifika 30 unaingia kwenye tifutifu wa kichanga. Luseni yetu ni mchanga wa tifutifu. Maji hupita upesi, mbolea ya chumvichumvi huoshwa na mvua kubwa ya kwanza, lakini karanga na mihogo hung'olewa bila kupasua jembe.

Sampuli ya bondeni itoe mchanga 25, silti 20, mfinyanzi 55. Mstari wa 55 unapita juu kabisa, katika eneo kubwa kuliko yote, nalo ni la mfinyanzi. Hapo ndipo wakulima wanapochimba majaruba ya mpunga, na hapo ndipo dengu hupandwa mvua zikielekea kwisha, iishi kwa unyevu uliobaki ardhini.

Msomaji makini atakuwa ameshaona kwamba pembetatu haigawi kwa usawa. Udongo wenye theluthi moja ya kila kitu ungetarajiwa uwe tifutifu kamili, wenye mizani. Sivyo. Asilimia 33 za mfinyanzi zinautupa kwenye tifutifu wa mfinyanzi. Eneo la tifutifu limesogea chini, na mfano wake mzuri ni mchanga 40, silti 40, mfinyanzi 20. Vilevile udongo huitwa mfinyanzi ukiwa na asilimia 40 tu za mfinyanzi, hata kama zilizobaki 60 ni vitu vingine, wakati mchanga hauitwi mchanga mpaka ufike 85 au zaidi. Sababu ni eneo la uso wa chembe. Punje ya mchanga yenye milimita 1 ina kipenyo mara 500 ya chembe kubwa kabisa ya mfinyanzi, na kwa uzito ule ule chembe ndogo zina nyuso nyingi mno. Maji na virutubisho hushikwa kwenye nyuso hizo. Kwa hiyo mfinyanzi kidogo hutawala tabia ya udongo mzima, na waliochora mipaka waliipa uzito wake.

Pembetatu haiwezi kuwa sahihi kuliko namba inazolishwa, kwa hiyo inafaa kujua namba zinavyopatikana. Maabara nyingi hutumia haidromita, kipimo cha kioo kinachoelea, kwa njia iliyoanzishwa na George Bouyoucos mwaka 1927. Gramu 50 za udongo mkavu huchanganywa na maji yenye dawa iitwayo sodiamu heksametafosfeti, ambayo kazi yake ni kuachanisha chembe za mfinyanzi zilizoshikana. Mchanganyiko hukorogwa kwa mashine, humiminwa kwenye silinda ya lita moja, huongezwa maji hadi alama, kisha hutikiswa na kusimamishwa mezani. Chembe kubwa huzama kwanza. Baada ya sekunde 40 mchanga umeshazama chini ya kipimo, na haidromita inasoma gramu za silti na mfinyanzi zinazoelea bado. Baada ya saa kadhaa silti nayo imezama, na kinachosomwa ni mfinyanzi peke yake.

Dawa nayo ina uzito wake, kwa hiyo huwekwa silinda ya pili yenye maji na dawa bila udongo, mahali pale pale, ili ijulikane ni kiasi gani cha kuondoa. Namba zetu za 62, 12 na 26 zingepatikana hivi. Silinda tupu inasoma 5. Silinda ya udongo inasoma 24 kwenye sekunde ya 40, kisha 18 kwenye usomaji wa mwisho. Toa 5 kwa kila moja: zinabaki gramu 19 na gramu 13. Gramu 19 katika 50 ni asilimia 38, ndiyo silti na mfinyanzi kwa pamoja, kwa hiyo mchanga ni 62. Gramu 13 katika 50 ni asilimia 26 za mfinyanzi. Salio ni silti 12.

Fundi akisahau kutoa ile 5, atapata mchanga 52, silti 12, mfinyanzi 36. Zinajumlika 100 bila kasoro, na mistari yote mitatu itakutana kwenye pembetatu bila kulalamika. Lakini nukta imevuka mpaka wa 35 na kuingia kwenye mfinyanzi wa kichanga. Yule shahidi wa tatu hugundua kosa la rula tu. Hili la silinda hawezi kuligundua. Kwa hiyo anayepokea ripoti ana haki ya kuuliza kama silinda tupu ilisomwa.

Swali jingine ni usomaji wa mwisho ulichukuliwa saa ngapi. Utaratibu wa zamani ulisema saa 2, na maabara kadhaa bado hufanya hivyo kwa kuwa siku ya kazi ni fupi. Ila katika maji ya nyuzi 20 za Selsiasi, chembe ya milimita 0.002 huchukua karibu saa 8 kushuka sentimita 10. Kwenye saa 2 bado kuna silti nyembamba inayoelea, nayo inahesabiwa kama mfinyanzi. Ripoti za saa 2 huelekea kuzidisha mfinyanzi, na ukiona nukta yako imevuka mpaka wa mfinyanzi kwa asilimia chache tu, hilo ni jambo la kufikiria kabla ya kubadili mipango ya shamba.

Kosa kubwa zaidi huelekea upande wa pili, na linagusa udongo mwekundu wa nyanda za juu, kama ule wa Kabete na Kiambu nchini Kenya. Ukiufinyanga kwa mkono unahisi tifutifu, na watu wengi huuita hivyo. Ukipimwa kwa uangalifu huonekana kuwa na mfinyanzi mwingi. Kinachotudanganya ni madini ya chuma yaliyouweka wekundu ule: yamegandisha chembe za mfinyanzi zikawa vipunje imara vinavyozama haraka na kuhesabiwa kama mchanga au silti. Dawa ikiwa kidogo au mashine ikikoroga kwa dakika chache, ripoti itatoa mchanga ambao haupo. Njia ya kugundua ni rahisi. Mwaga maji, chukua ule unaodaiwa kuwa mchanga, uponde kati ya kidole gumba na cha shahada. Mchanga wa kweli hukwaruza na hubaki ulivyo. Ukipondeka na kuvipaka vidole rangi nyekundu, kipimo kirudiwe.

Ishara nyingine ni maji yenyewe. Silinda ya udongo wenye mfinyanzi hubaki na tope kwa saa nyingi. Maji yakitakata juu ndani ya dakika chache, chembe zimegandana kwa sababu ya chumvi au chokaa, na usomaji wowote utakaofuata hauna maana.

Wasio na maabara karibu hutumia chupa ya kioo. Jaza theluthi moja ya udongo, ongeza maji na kijiko cha sabuni ya kuoshea vyombo, tikisa sana, iache. Tabaka la dakika ya kwanza ni mchanga, linalofika saa 2 ni silti, na linalotua siku inayofuata ni mfinyanzi. Gawa urefu wa kila tabaka kwa urefu wote na upeleke asilimia kwenye pembetatu. Ni njia nzuri ya kutofautisha luseni na mbuga. Kwa mipaka ya karibu haitoshi, kwa sababu unapima ujazo badala ya uzito, na tabaka la mfinyanzi huvimba kwa maji likaonekana nene kuliko lilivyo.

Hata namba zikiwa sahihi kabisa, pembetatu inajua ukubwa wa chembe tu, haijui chembe zenyewe ni za aina gani. Udongo mweusi wa mbuga na udongo mwekundu wa Kabete vinaweza kuangukia nukta ile ile ya mfinyanzi 55. Mbuga ina madini ya smektiti, ambayo gramu yake moja ina uso wa mita za mraba 600 hadi 800. Huvimba wakati wa masika na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi, na trekta hunasa humo. Ule mwekundu una kaolini, yenye mita za mraba 10 hadi 20 kwa gramu. Hauvimbi, maji hupita vizuri kati ya vipunje vyake, na jembe huingia hata siku mbili baada ya mvua. Jina ni moja, kilimo ni tofauti. Rangi, nyufa na mwendo wa maji utavijua shambani, wala si kwenye karatasi.

Mwisho ni suala la mipaka. Kati ya tifutifu na tifutifu wa mfinyanzi, mpaka ni asilimia 27 za mfinyanzi, na 27 kamili huhesabiwa upande wa mfinyanzi zaidi. Kipimo kile kile kikirudiwa kinaweza kutofautiana kwa asilimia mbili au tatu, hivyo shamba lenye 26 na shamba lenye 28 ni shamba moja kwa matumizi yote, ingawa majina yao ni mawili. Tena si maabara zote zinazokata silti mahali pamoja. Nyingine huukata mpaka wa mchanga kwenye milimita 0.063, na utaratibu wa zamani wa kimataifa uliukata kwenye 0.02, ambako sehemu kubwa ya silti huitwa mchanga. Namba za utaratibu huo zikiwekwa kwenye pembetatu ya Marekani hutoa udongo wa kichanga kuliko ulivyo.

Kwa hiyo ukichukua ripoti yako, usikubali kuondoka na jina peke yake. Omba asilimia zote tatu, uliza mpaka wa silti na mchanga ni milimita ngapi na usomaji wa mwisho ulichukuliwa baada ya saa ngapi, kisha chukua rula na uiweke nukta mwenyewe.